Boriti moja, majibu matatu: nilivyoandika upya kadi zangu za nguvu ya mkato na momenti ya mpindo

Boriti iliyonifelisha ilikuwa na urefu wa mita 8 tu. Kushoto kabisa, nukta A, kulikuwa na egemeo la pini. Mita 6 mbele, nukta B, kulikuwa na egemeo la rola. Mita 2 zilizobaki zilining'inia nje ya B mpaka ncha C. Sisi tulizoea kuziita mkia. Kati ya A na B kulikuwa na mzigo uliosambaa sawasawa wa kN 10 kwa kila mita, na pale C ulining'inia mzigo wa nukta wa kN 12. Swali lilitaka michoro ya nguvu ya mkato na momenti ya mpindo, thamani kubwa kabisa ya momenti, na mahali mpindo unapogeuka.

Nimeikokotoa boriti hii mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Katika mtihani nilipata kNm 45. Wiki kadhaa baadaye, nikijiandaa kwa mtihani wa marudio na nikiwa na kadi mpya nilizojivunia, nilipata kNm 78. Jibu sahihi ni kNm 33.8. Kila jibu baya lilitoka kwenye kadi, na ndiyo maana naandika: kadi zinaweza kukufundisha kosa kwa ufasaha mkubwa sana.

Tuanze na ile 45. Kadi zangu za kwanza zilikuwa za fomula. Kila aina ya boriti ilikuwa na kadi yake: boriti ya maegemeo mawili yenye mzigo uliosambaa, wL²/8; yenye mzigo wa nukta katikati, PL/4; kantileva yenye mzigo nchani, PL. Zilikuwa zaidi ya ishirini, kwa rangi tatu za wino, na nilizikariri zote. Siku ya mtihani nikaona mita 6 zenye mzigo uliosambaa juu ya maegemeo mawili, mkono ukaandika 10 × 6² ÷ 8 = 45 kabla akili haijamaliza kusoma swali. Mkia niliushughulikia kivyake kama kantileva: 12 × 2 = 24. Nikachora vilima viwili visivyojuana, nikakunja karatasi.

Nilichosahau ni kwamba mkia unavuta. Mzigo wa C unapoikandamiza ncha chini, boriti inajaribu kuinuka upande wa pili wa B, kama ubao wa watoto wa kubembea. Momenti ya 24 iliyopo juu ya B haipotei ghafla ukivuka egemeo. Inapungua taratibu kuelekea A, na katikati ya mita zile 6 bado nusu yake ipo, yaani 12. Kwa hiyo katikati momenti si 45 bali 45 toa 12, yaani 33. Fomula haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa ya boriti nyingine.

Matokeo yalipotoka sikumwambia mtu kwa siku tatu. Kilichoniuma zaidi ya alama ni kwamba nilikuwa nimesoma kweli, usiku kwa usiku, na ningeweza kutaja kadi yoyote kati ya zile ishirini na ushee hata ungeniamsha usingizini. Nilizitupa zote. Leo nadhani nilikuwa na haraka, kwa sababu fomula hizo zinafaa sana kuhakiki jibu ukishalipata. Lakini kuzitumia kutafuta jibu ni sawa na kuvaa kiatu cha mtu kwa sababu rangi inafanana.

Kadi za pili zilikuwa za hatua, wala hazikujali boriti ni ya aina gani. Nilianza na nne. Nitazieleza kama zilivyo sasa, kisha niseme ile ya pili ilivyokuwa na sumu ndani yake.

Kadi ya kwanza ni ya nguvu za maegemeo. Inaanza na kuhesabu: ni nguvu ngapi usizozijua? Pini inakupa mbili, ya wima na ya mlalo. Rola inakupa moja. Ukuta wa kantileva unakupa tatu, kwa sababu unazuia pia mzunguko. Boriti ya bapa ina milinganyo mitatu tu ya ulinganifu, kwa hiyo ukihesabu zaidi ya tatu kwenye boriti isiyo na bawaba, kadi inakuambia usimame, hatua hizi si za boriti hiyo. Boriti yangu ilikuwa na tatu. Mzigo wa mlalo haukuwepo, kwa hiyo nguvu ya mlalo ni sifuri, zinabaki mbili za wima.

Unachukua momenti kuzunguka A. Mzigo uliosambaa jumla yake ni kN 60 na kitovu chake kiko mita 3 kutoka A, unatoa 180. Mzigo wa C unatoa 12 × 8 = 96. Jumla 276, gawanya kwa 6, nguvu ya B ni kN 46. Hapa wengi tunapata ya A kwa kutoa, 72 toa 46 ni 26, halafu tunajumlisha 26 na 46, tunapata 72, na tunaweka alama ya vema kwa furaha. Huo si uhakiki. Umeipata 26 kwa kutoa, bila shaka itajumlishika. Kama B ilikuwa na kosa, A imelibeba kosa hilohilo kinyumenyume na jumla bado itakuwa 72. Kadi yangu inasema: hakiki kwa momenti kuzunguka egemeo la pili. Kuzunguka B: nguvu ya A mara 6, kuongeza 12 × 2, lazima iwe sawa na 60 × 3. Kwa tarakimu, 156 kuongeza 24 ni 180. Hapo ndipo unapoweka vema. Inachukua nusu dakika, na kila kitu kinachofuata kinasimama juu ya hizo namba mbili.

Sasa kadi ya pili, ya kukata boriti. Toleo langu la kwanza lilisema hivi: "Badilisha mzigo uliosambaa kuwa mzigo wa nukta mmoja katikati yake. Kata boriti. Jumlisha kilichoko kushoto." Linasikika vizuri. Ni jambo tulilofanya sekunde chache zilizopita kwenye kadi ya kwanza, na lilifanya kazi bila tatizo. Basi nikaweka kN 60 pale mita 3, nikatembea kutoka kushoto. Nguvu ya mkato ikawa 26 kutoka A mpaka mita 3, ikashuka kwa 60 hadi hasi 34, ikaenda bapa mpaka B, ikapanda kwa 46 hadi 12, ikafika C na kushushwa na 12 hadi sifuri. Mchoro umefunga! Momenti: mita 3 kuna 26 × 3 = 78. Pale B kuna 26 × 6 toa 60 × 3, sawa na hasi 24. Pale C sifuri. Nao umefunga!

Niliamini jibu hilo kwa karibu wiki mbili. Nilifanya maswali mengine kumi na moja kwa kadi hiyohiyo, na kila yaliyokuwa na mizigo ya nukta pekee yalitoka sawa na majibu ya nyuma ya kitabu. Yenye mzigo uliosambaa yalikataa, nami nikashuku kitabu. Niseme ukweli, nilishuku kitabu mara tatu.

Aliyenizindua ni mwenzangu wa darasa la juu, mtu wa maneno machache. Alitazama mchoro wangu akaniuliza, "Ndugu yangu, mita 1 kutoka A, kuna mzigo juu ya boriti au hakuna?"

"Upo," nikasema.

"Kiasi gani, kuanzia A mpaka hapo?"

"Kilonyutoni kumi."

"Mbona mchoro wako haujashuka hata kidogo?"

Nikanyamaza. Mchoro wangu ulisema mita 3 za kwanza ziko tupu, halafu mzigo wote umeangukia nukta moja. Boriti ya namna hiyo ipo, lakini si ile ya kwenye swali.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwa nini mchoro ulifunga pamoja na kosa hilo. Mzigo mmoja wa kN 60 pale katikati una jumla ileile na momenti ileile kama mzigo uliosambaa, ukitazamwa kutoka nje ya eneo lililobebwa. Kwa hiyo pale A, pale B, na kote kwenye mkia, namba zote ni sahihi. Hasi 24 pale B ni sahihi kabisa. Uongo uko ndani tu ya zile mita 6, na ndani ndiko momenti kubwa kabisa inakokaa. Kufunga kwa mchoro kunakuhakikishia mizigo na nguvu za maegemeo zimelingana. Hakukuambii lolote kuhusu umbo la kati. Nilikuwa nimefanya kufunga huko kuwa mlinzi wa mlango ambao mwizi hapiti.

Kadi ya pili ikaandikwa upya kwa maneno manne kwa wino mzito: "Kata kwanza, kusanya baadaye." Ukikata boriti mita x kutoka A, unafunika upande wa kulia kwa kiganja, kiganja halisi, juu ya karatasi. Kinachoonekana kushoto ndicho unachokusanya. Mzigo unaoonekana ni 10x, na kitovu chake kiko x/2 kutoka pale ulipokata. Hapo sasa ruhusa ya kuugeuza kuwa mzigo wa nukta ipo, kwa sababu umeshakata na unautazama ukiwa nje yake. Kwa hiyo, V ikiwa nguvu ya mkato na M momenti ya mpindo:

V = 26 − 10x
M = 26x − 5x²

Jaribu x = 3: V ni hasi 4, M ni 78 toa 45, yaani 33. Ile 78 ipo, unaiona, lakini ni sehemu tu ya hadithi. 45 zilizotolewa ni mzigo nilioufuta kwa kuusogeza mahali pamoja.

Kiganja kinaonekana kama utoto. Nimekitumia mpaka kwenye mtihani wenyewe, bila aibu.

Kadi ya tatu ni ya kuchora nguvu ya mkato kwa kutembea kutoka kushoto kwenda kulia. Mshale ukienda juu nawe unapanda, ukishuka nawe unashuka, na chini ya mzigo uliosambaa unateremka kidogokidogo, kN 10 kwa kila mita. Kitu kimoja tu nilichojifunza kwa kupoteza alama: kwenye kila mzigo wa nukta na kila egemeo andika thamani mbili, ya kabla na ya baada. Pale B si sahihi kusema nguvu ya mkato ni hasi 34 wala 12. Ni hasi 34 nywele moja kushoto, na 12 nywele moja kulia. Anayesahihisha anaitafuta hiyo ya kushoto, kwa sababu ndiyo kubwa kuliko zote kwa ukubwa bila kujali alama.

Kadi ya nne ni ya momenti, na inategemea jambo moja: badiliko la momenti kati ya nukta mbili ni eneo lililo chini ya mchoro wa nguvu ya mkato kati ya nukta hizo. Kwa hiyo momenti inafika kileleni pale nguvu ya mkato inapovuka sifuri. Kutoka A tunaanza na 26 na kupoteza 10 kila mita, basi sifuri iko 26 ÷ 10 = mita 2.6 kutoka A. Si katikati. Nimeona wenzangu wengi wakiandika mita 3 kwa mazoea, wanapata 33 badala ya 33.8, na wanalalamika kwamba tofauti ni ndogo. Ni ndogo kwa boriti hii kwa bahati tu. Mkia ukirefuka au mzigo wa nchani ukikua, kilele kinasogea zaidi kuelekea A na tofauti inakua.

Eneo la pembetatu ya kwanza ni nusu ya 2.6 × 26, yaani 33.8. Pembetatu ya pili, kutoka mita 2.6 hadi B, ina urefu wa mita 3.4 na kina cha 34, eneo lake 57.8, nayo iko chini ya mstari. 33.8 toa 57.8 ni hasi 24. Mstatili wa mkia ni 12 × 2 = 24, unarudisha sifuri pale C. Namba hizi zimekuja kwa njia tofauti na milinganyo ya kadi ya pili, zikalingana, na huo ndio uhakiki ninaouamini.

Angalia pia kwamba nguvu ya mkato inavuka sifuri mara mbili, taratibu pale mita 2.6, na kwa kuruka pale B. Kuna vilele viwili. Cha kwanza, chanya 33.8, boriti imepinda kama tabasamu na nyuzi za chini zinavutwa. Cha pili, hasi 24, boriti imenuna na nyuzi za juu ndizo zinazovutwa. Swali likitaka "momenti kubwa kabisa", mimi hutoa zote mbili na alama zake, maana kwa zege ile hasi 24 ndiyo itakayoamua nondo za juu pale B. Kati ya vilele hivyo mpindo lazima ugeuke, na unageuka pale M inapokuwa sifuri: 26x toa 5x² ni sifuri, x ni mita 5.2. Ni mara mbili ya 2.6, na si bahati nasibu, kwa kuwa parabola ina ulinganifu kuzunguka kilele chake.

Juu ya kadi hiyo nimeandika pia ni upande gani nachora momenti chanya. Wako wanaoichora juu ya mstari na wako wanaoichora chini, upande unaovutwa. Zote zinakubalika mradi useme. Nilishapoteza alama kwa kunyamaza.

Kadi ya tano ilizaliwa kutokana na swali la yule mwenzangu. Haina hesabu hata moja. Inauliza umbo: mahali pasipo na mzigo, nguvu ya mkato iwe bapa na momenti iwe mstari mnyoofu. Chini ya mzigo uliosambaa, nguvu ya mkato iteremke kwa mstari na momenti iwe mkunjo. Kwenye mzigo wa nukta, nguvu ya mkato iruke na momenti ivunjike kona bila kuruka. Ningekuwa na kadi hii mapema, ile 78 isingeishi dakika moja, kwa sababu mchoro wangu ulikuwa bapa mahali palipotakiwa mteremko, na una kona kali pale mita 3 ambapo hakuna mzigo wa nukta wowote.

Mazoezi yenyewe niliyafanya hivi: boriti moja asubuhi kwa kadi mkononi, ileile jioni bila kadi. Nikikwama jioni sikufungua kadi. Niliandika pembeni ni ya ngapi iliyonitoka. Baada ya siku kumi hesabu ilionyesha kadi ya pili na ya tano zinanitoka, za tatu na nne zimeshaingia mkononi. Basi nikaacha kuzirudia zote na kubaki na hizo mbili. Mtihani haukuruhusu karatasi yoyote, kwa hiyo kadi ambayo bado inahitaji kusomwa haina faida siku hiyo.

Siku ya marudio swali la boriti halikuwa na mzigo uliosambaa. Lilikuwa na mita 6 kati ya A na B, na mshale uliopinda wa kNm 18, kisaa, mita 2 kutoka A. Hakuna kingine. Mshale uliopinda nilikuwa nimeuongeza kwenye kadi ya tano siku mbili tu kabla: nguvu ya mkato haiguswi, momenti inaruka kwa kiasi kizima. Kadi ya kwanza ikanipa B kN 3 kwenda juu na A kN 3 kwenda chini. Egemeo linaloshika boriti isiinuke lilinishtua, na zamani ningebadilisha alama ili lionekane "la kawaida". Nikahakiki kuzunguka B: nguvu ya A kwenda chini inazungusha kinyume cha saa kwa 3 × 6, yaani 18, na mshale ni 18 kisaa. Sawa, ikabaki hasi.

Nguvu ya mkato ikawa hasi 3, bapa kutoka A hadi B. Momenti ikashuka kutoka sifuri mpaka hasi 6 pale mita 2, ikaruka kwa 18 mpaka chanya 12, ikateremka tena 3 kwa kila mita kwa mita 4, ikafika sifuri pale B. Miteremko yote miwili sambamba, kama kadi ya tano inavyodai, kwa sababu nguvu ya mkato ni ileile pande zote mbili.

Nilifaulu, ingawa si kwa alama za kujisifu. Kwenye swali la kantileva lililofuata niliandika thamani moja tu chini ya mzigo wa nukta, hivyo kadi ya tatu, ile niliyodhani imeshaingia mkononi, ndiyo iliyonikata alama mbili.